Joto katika Bamba la Mstatili

Bamba la chuma lenye umbo la mstatili lina upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 20. Ukingo wake wa juu unapashwa moto na kushikiliwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, bila kupanda wala kushuka. Kingo tatu zilizobaki, yaani wa kushoto, wa kulia na wa chini, zinapozwa kwa maji ya barafu ili zibaki kwenye nyuzi 0. Nyuso mbili pana za bamba, ya mbele na ya nyuma, zimefunikwa vizuri joto lisipotelee hewani. Baada ya kusubiri muda wa kutosha, katikati ya bamba kutakuwa na nyuzi ngapi?

Wengi hukimbilia kuchukua wastani wa kingo nne: mia moja gawanya kwa nne, nyuzi 25. Jibu hilo ni sahihi kwa bamba la mraba tu. Kwa bamba hili halijoto ya katikati ni nyuzi 38.1, na njia ya kulipata jibu hilo ni miongoni mwa hesabu za fizikia zilizosomwa sana tangu mwanzo wa karne ya 19.

Jambo la kwanza la kuelewa ni maana ya kusubiri muda wa kutosha. Moto unapowashwa, joto huanza kushuka kutoka ukingo wa juu, na kila sehemu ya bamba hupanda halijoto yake taratibu. Kadiri muda unavyopita, kupanda huko kunapungua, hadi inafika hali ambapo kipimajoto kilichowekwa mahali popote kwenye bamba hakibadiliki tena. Hiyo ndiyo hali tulivu. Joto halijasimama, linaendelea kuingia kwa juu na kutoka kwa kingo tatu za baridi. Kilichosimama ni halijoto, kwa sababu kila kipande kidogo cha chuma kinapokea joto jingi sawasawa na kile kinachotoa.

Usawa huo wa kupokea na kutoa una tokeo moja linalotawala hesabu yote. Ukichukua nukta yoyote ndani ya bamba na kuizungushia duara dogo, halijoto ya nukta hiyo ni wastani wa halijoto zote zilizo kwenye duara. Kama nukta ingekuwa na moto kuliko wastani wa majirani zake, ingewapa joto zaidi ya inalopokea na ingepoa. Kama ingekuwa na baridi zaidi, ingepanda. Kwa hiyo hakuna mahali ndani ya bamba panapoweza kuwa na moto kuliko ukingo wa moto, wala baridi kuliko ukingo wa baridi. Kanuni hii inafaa kukumbukwa, kwani ndiyo njia rahisi ya kutambua hesabu iliyokosewa: jibu lolote linaloonyesha nyuzi 104, au nyuzi 2 chini ya sifuri, ndani ya bamba hili ni jibu bovu.

Katika lugha ya hesabu, kanuni ya wastani huandikwa kwa mlinganyo wa Laplace, uliopewa jina la mwanahisabati Mfaransa Pierre-Simon Laplace. Tuseme x ni umbali kutoka ukingo wa kushoto, y ni umbali kutoka ukingo wa chini, na T ni halijoto:

∂²T/∂x² + ∂²T/∂y² = 0

Kila moja ya sehemu hizo mbili inapima jinsi grafu ya halijoto inavyopinda mtu anapotembea upande mmoja. Sehemu ya kwanza ni mpindo wa kushoto kwenda kulia, ya pili ni mpindo wa chini kwenda juu. Mlinganyo unasema mipindo hiyo lazima ifutane. Mahali ambapo grafu imebinuka kama kilima kwa upande mmoja, inalazimika kubonyea kama bonde kwa upande mwingine, na kwa kiasi kilekile.

Katika mlinganyo huo hakuna kiasi chochote kinachohusu aina ya chuma. Shaba nyekundu hupitisha joto takriban mara nane kuliko chuma cha kawaida, lakini kingo zikishikiliwa kwenye halijoto zilezile, mabamba hayo mawili yataishia na mgawanyo uleule wa halijoto, nukta kwa nukta. Bamba la shaba litafika kwenye hali hiyo mapema zaidi, na litahitaji moto mkali zaidi kuushikilia ukingo wa juu, basi.

Mlinganyo mmoja wenye vigeu viwili, x na y, ni mgumu kuushika wote kwa pamoja. Mbinu ya kutenganisha vigeu inaanza kwa kukisia kwa ujasiri: kwamba halijoto ni zao la fanksheni mbili, moja ya x peke yake na nyingine ya y peke yake.

T(x, y) = X(x) · Y(y)

Hakuna sababu ya awali ya kuamini kwamba joto litatii sharti hili, na kwa kweli jibu la mwisho halitakuwa zao moja la namna hiyo. Lakini kisio hili linaugawa mlinganyo. Likiingizwa kwenye mlinganyo wa Laplace na pande zote kugawanywa kwa X·Y, linatoa mpindo wa X ukigawanywa kwa X upande mmoja, na mpindo wa Y ukigawanywa kwa Y, wenye alama ya kutoa, upande wa pili. Upande mmoja unategemea x tu, wa pili unategemea y tu, na bado ni sawa popote kwenye bamba. Mtu akitembea kuelekea kulia huku y ikiwa ileile, upande wa pili haubadiliki, kwa hiyo na wa kwanza hauwezi kubadilika. Pande zote mbili basi ni namba moja isiyobadilika.

Namba hiyo inaweza kuwa chanya, sifuri au hasi, na hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, kwa sababu vitabu vingi huandika alama ya kutoa bila kueleza imetoka wapi. Inatoka kwenye kingo. Kwa kuwa kingo za kushoto na kulia ni baridi, fanksheni X lazima iwe sifuri pale x = 0 na tena pale x = 30. Namba ikiwa chanya, X ni fanksheni inayozidi kupanda kwa kasi, na ikishaondoka kwenye sifuri hairudi tena. Ikiwa sifuri, X ni mstari mnyoofu, na mstari mnyoofu wenye sifuri mbili ni sifuri kotekote. Inabaki hasi, na hapo X inakuwa wimbi la sini, ambalo hupanda, hushuka na kurudi sifuri kila baada ya masafa maalumu. Mawimbi yanayofaa ni yale yanayoenea kati ya kingo mbili kwa idadi kamili ya nusu mawimbi. Upana wa bamba ukiitwa a, mawimbi hayo ni

X = sin(nπx/a), n = 1, 2, 3, ...

Kwa n = 1 kuna kilima kimoja katikati; kwa n = 3 kuna kilima, bonde na kilima.

Baada ya X kujulikana, Y haina uhuru mkubwa. X ikiwa inapinda kurudi kwenye sifuri, Y inalazimika kupinda kinyume, ikizidi kuikimbia sifuri. Fanksheni zenye tabia hiyo zinajengwa kutokana na e, namba inayokaribia 2.718, iliyopandishwa kipeo chanya na kipeo hasi. Mbili kati ya hizo zimepewa majina yao:

sinh z = (e^z − e^−z)/2
cosh z = (e^z + e^−z)/2

Hizi ni fanksheni za haipaboli, zilizoingizwa katika hesabu za Ulaya katikati ya karne ya 18 na Vincenzo Riccati wa Italia na Johann Heinrich Lambert. Kinachoziainisha kwa kazi hii ni thamani zao pale z inapokuwa sifuri: sinh inaanza kwenye 0, cosh inaanza kwenye 1. Ukingo wa chini wa bamba uko kwenye nyuzi 0, kwa hiyo inayohitajika ni sinh:

Y = sinh(nπy/a)

Kama ukingo wa chini ungekuwa haupozwi bali umefunikwa ili joto lisipite kabisa, inayofaa ingekuwa cosh, kwa sababu grafu yake inaanza ikiwa tambarare, na pasipo na mteremko wa halijoto hakuna joto linalosafiri. Badiliko hilo moja la ukingo wa chini lingepandisha halijoto ya katikati ya bamba letu hadi nyuzi 47.7.

Sasa kuna fanksheni nyingi, moja kwa kila n, na kila moja inatii mlinganyo wa Laplace na kingo tatu za baridi. Kilichobaki ni ukingo wa juu, ambapo y ni sawa na kimo b. Ili kila fanksheni iwe na ukubwa wa wimbi tupu inapofika juu, hugawanywa kwa thamani yake ya pale:

sin(nπx/a) · sinh(nπy/a) / sinh(nπb/a)

Tuseme kwanza ukingo wa juu haukupashwa moto sawasawa, bali una nyuzi 100 katikati na unapungua kufuata kilima cha sini hadi sifuri kwenye kona mbili. Hapo kazi imekwisha, kwani fanksheni ya n = 1 ikizidishwa kwa 100 inatosha. Katikati ya bamba sini ni 1, na uwiano wa sinh ni 0.3124, kwa hiyo halijoto ni nyuzi 31.2.

Moto wa bamba letu, hata hivyo, ni nyuzi 100 kutoka kona hadi kona. Hakuna wimbi moja la sini lenye umbo la mstari tambarare. Lakini mlinganyo wa Laplace unaruhusu kujumlisha: majibu mawili yakijumlishwa, jumla yake nayo ni jibu. Swali linakuwa kama mstari tambarare unaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi ya sini, kila moja kwa kipimo chake.

Joseph Fourier alisema inawezekana, na kwa tatizo lilelile la bamba. Alikuwa mtawala wa mkoa wa Isère, makao yake Grenoble, na alifanya utafiti wa joto pamoja na kazi za serikali. Mwaka 1807 aliwasilisha andiko lake kwa Taasisi ya Ufaransa mjini Paris. Miongoni mwa waliolisoma alikuwa Joseph-Louis Lagrange, ambaye hakukubali kwamba jumla ya mawimbi laini inaweza kutoa umbo lenye kona na mruko. Kitabu chake kikuu kuhusu nadharia ya joto kilitoka mwaka 1822. Bamba alilolitumia yeye lilikuwa na ukingo mmoja wa moto, kingo mbili za kando za baridi, na kwa upande wa nne halikuwa na mwisho. Kwa bamba la aina hiyo sinh haihitajiki. E yenye kipeo hasi inatosha, kwani halijoto inafifia tu kadiri mtu anavyouacha moto. Ukingo wa nne ukiletwa karibu na kupozwa, ndipo sinh inapoingia.

Kipimo cha kila wimbi hupatikana kwa kulizidisha umbo linalotakiwa kwa wimbi hilo na kuchukua mara mbili ya wastani wa zao lake kwenye upana wote. Kwa mstari tambarare wa nyuzi 100, mawimbi yote ya n shufwa yanatoka sifuri. Hilo lilitarajiwa: wimbi la n = 2 lina kilima kushoto na bonde kulia, ilhali moto wetu ni sawa pande zote mbili. Mawimbi ya n witiri yanapata kipimo cha 400/(nπ). Jibu zima basi ni hili:

T(x, y) = Σ (400/(nπ)) · sin(nπx/a) · sinh(nπy/a) / sinh(nπb/a), n = 1, 3, 5, ...

Kwa a = 30 na b = 20, kwenye kitovu ambapo x = 15 na y = 10, hesabu inaenda hivi. Kipande cha n = 1 kina kipimo 127.32, kikizidishwa kwa 0.3124 kinatoa 39.78. Kipande cha n = 3 kina kipimo 42.44, sini yake kwenye kitovu ni −1, na uwiano wake wa sinh ni 0.0431, kinatoa −1.83. Kipande cha n = 5 kinatoa +0.14, na cha n = 7 kinatoa −0.01. Vinavyofuata ni vidogo mno kuhesabiwa. Jumla ni nyuzi 38.08.

Vipande vinapungua kwa kasi kubwa kwa sababu mbili zinazofanya kazi pamoja. Kipimo chenyewe kinagawanywa kwa n. Lakini kinachoua zaidi ni uwiano wa sinh. Wimbi lenye vilima vingi lina moto na baridi vilivyokaribiana, na hivyo hufutana baada ya masafa mafupi. Wimbi la n = 1 kwenye bamba hili hupungua kufikia takriban theluthi moja ya nguvu yake kila sentimita 9.5 za kuuacha moto, ilhali la n = 3 huhitaji sentimita 3.2 tu. Ndiyo maana katikati ya bamba huwezi kujua kama ukingo wa moto ulikuwa na mabaka madogo ya moto na baridi. Habari hizo zimekwisha kufutika njiani, na kilichofika ni kilima kikubwa peke yake.

Kufuata mstari wa katikati kutoka chini kwenda juu kunaonyesha mwenendo wote. Kwenye ukingo wa chini ni nyuzi 0. Sentimita 5 juu yake ni nyuzi 17.1, kwenye kitovu 38.1, sentimita 15 juu ni 65.9, na juu kabisa ni 100. Hatua za halijoto zinazidi kuwa kubwa kadiri moto unavyokaribia: 17, kisha 21, kisha 28, kisha 34. Kama kingo za kando zingefunikwa badala ya kupozwa, hatua zote zingekuwa za nyuzi 25, kwani joto lingeshuka moja kwa moja. Hapa sehemu ya joto inapotelea kandoni njiani.

Jibu la nyuzi 38.08 linaweza kuhakikiwa bila kumwamini mtu yeyote. Tuseme kingo zote nne zimewekwa kwenye nyuzi 100. Bamba zima litakuwa nyuzi 100, kitovu kikiwamo. Lakini hali hiyo ni jumla ya hali nne, kila moja ikiwa na ukingo mmoja wa moto na mitatu ya baridi. Ukingo wa juu unachangia 38.08 kwenye kitovu, na wa chini vivyo hivyo. Kwa ukingo wa kando, bamba linageuzwa: upana unakuwa sentimita 20 na kimo sentimita 30, na hesabu ileile inafanywa upya. Kipande cha kwanza kinatoa 11.96, cha pili −0.04, na jumla ni 11.92. Sasa 38.08 na 38.08 na 11.92 na 11.92 ni 100 kamili. Mtu akikosea kipimo cha wimbi au akibadilisha a na b kimakosa, jumla hiyo haitakaa sawa. Kwa mraba kingo zote nne zinachangia sawa, na hapo ndipo zinapotoka zile nyuzi 25.

Mbinu hiyo ya kujumlisha inafaa pia pale kingo zinapokuwa na halijoto nyingine. Kingo za baridi zikiwa kwenye nyuzi 25 na ule wa moto kwenye 125, tofauti bado ni nyuzi 100. Kitovu kitakuwa 25 ongeza 38.1, yaani nyuzi 63.1. Kingo mbili zikiwa na moto tofauti, kila mmoja unafanyiwa hesabu yake na majibu yanajumlishwa.

Fomyula hii inayofanya kazi vizuri sana katikati inasumbua kwenye ukingo wa moto wenyewe. Pale y = b uwiano wa sinh ni 1 kwa kila n, na hakuna kinachobaki cha kupunguza vipande isipokuwa n. Katikati ya ukingo wa juu, ambapo jibu linajulikana kuwa 100, kipande kimoja kinatoa 127.3, viwili vinatoa 84.9, vitatu 110.3, vinne 92.2. Jumla inayumba juu na chini ya 100 ikiikaribia polepole, na vinahitajika vipande 32 ili kosa lishuke chini ya nyuzi moja. Karibu na kona hali ni mbaya zaidi. Jumla inaruka hadi takriban nyuzi 118, na kuongeza vipande hakuushushi mruko huo. Unausogeza tu karibu zaidi na kona. Mwingereza Henry Wilbraham aliueleza mwaka 1848 na ukasahaulika, kisha Mmarekani Josiah Willard Gibbs akaueleza tena mwishoni mwa karne hiyo, na jina lililobaki ni la Gibbs. Mtu anayechora ramani ya halijoto kwa kompyuta akaona kijiwimbi cha nyuzi mia na kitu kando ya kona, asidhani chuma kimefanya ajabu. Kanuni ya wastani imekwisha kusema kwamba haiwezekani. Ni dalili ya mfululizo uliokatwa.

Tatizo jingine ni la kikokotozi. sinh ya namba kubwa ni kubwa kupita kiasi, na vikokotozi vingi vya mkononi hukwama vikivuka 10 yenye kipeo cha 100. Kwa bamba letu hilo hutokea n inapozidi 109, na kikokotozi kinaonyesha kosa ingawa uwiano unaotafutwa ni namba ndogo ya kawaida. Dawa ni kutozikokotoa sinh mbili peke yake, bali kuuandika uwiano upya:

e^(−nπ(b−y)/a) · (1 − e^(−2nπy/a)) / (1 − e^(−2nπb/a))

Hapa hakuna namba kubwa popote. Umbo hili linaonyesha pia kinachotokea: sehemu ya kwanza ni kufifia kwa bamba lisilo na mwisho la Fourier, na mabano mawili ni marekebisho yanayoletwa na ukingo wa chini.

Kona za juu zenyewe zinabeba ugumu ambao hauondolewi na hesabu nzuri zaidi, kwa sababu uko kwenye swali. Nukta moja ya kona imetakiwa iwe nyuzi 100 kwa kuwa iko juu, na nyuzi 0 kwa kuwa iko kando. Karibu sana na kona, halijoto haitegemei umbali bali pembe tu: kutoka ukingo wa kando kuzunguka hadi ukingo wa moto inapanda sawasawa kutoka 0 hadi 100, ikipita 50 kwenye mstari unaoigawa kona nusu kwa nusu. Mistari yote ya halijoto sawa inakutana kwenye kona hiyo moja. Mteremko wa halijoto basi unakuwa mkali bila kikomo, na jumla ya joto linalovuka kutoka ukingo wa moto kwenda wa baridi, ikikokotolewa kwa fomyula hii, haina mwisho. Katika bamba halisi kuna nafasi ndogo kati ya hita na kipoozi, na nafasi hiyo ndiyo inayoamua ni joto kiasi gani litapita pale. Kwa hiyo fomyula inaaminika inapoulizwa halijoto ya ndani, lakini haiwezi kutumika kuuliza hita inahitaji umeme kiasi gani mpaka kona zielezwe upya.

Sharti ambalo mafundi hulivunja mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni lile la kufunika nyuso mbili. Tuseme bamba la chuma cha kawaida lenye unene wa milimita 2 limeachwa wazi kwenye hewa tulivu ya nyuzi 0. Kila mita ya mraba ya uso hupoteza takriban wati 10 kwa kila nyuzi moja ya tofauti na hewa, na chuma hicho hupitisha joto kwa kiwango cha takriban wati 50 kwa mita kwa kila nyuzi. Mlinganyo wa Laplace unapata sehemu moja ya ziada, kwa kuwa sasa kila nukta inatoa joto hewani vilevile:

∂²T/∂x² + ∂²T/∂y² = m²T

Hapa m² ni mara mbili ya upotevu wa uso, ikigawanywa kwa zao la upitishaji na unene. Kwa namba hizi ni 20 gawanya kwa 0.1, yaani 200 kwa mita ya mraba. Kutenganisha vigeu bado kunafaa, na mawimbi ya sini hayabadiliki. Kinachobadilika ni namba iliyo ndani ya sinh: badala ya nπ/a inakuwa kipeuo cha pili cha jumla ya mraba wake na m². Kwa n = 1 namba hiyo inapanda kutoka 10.5 hadi 17.6 kwa mita. Kipande cha kwanza kwenye kitovu kinashuka kutoka 39.8 hadi 21.3, cha pili kinatoa −1.4, cha tatu +0.1, na halijoto ya katikati inakuwa nyuzi 20, karibu nusu ya jibu la awali. Vipande vya n kubwa haviguswi sana na hewa, kwa sababu mraba wa nπ/a wao tayari ni mkubwa kuliko 200. Ni kile kilima kikubwa cha kwanza, kinachosafiri mbali, ndicho kinachopata muda wa kupoteza joto lake njiani. Bamba likiwa nene mara kumi, m² inashuka hadi 20, na upotevu wa nyuso haugeuzi tena jibu kwa kiasi hicho.